Roli moja ya wavu na ukuta mmoja: namna ya kupata uwanja mkubwa kuliko wote

Tuseme una roli moja ya wavu wa kuku yenye mita 30, na nyuma ya nyumba kuna ukuta wa tofali ulionyooka, mrefu wa kutosha. Unataka kuwafanyia kuku wa kienyeji uwanja wa kutembea mchana, wenye pembe nne, upande mmoja ukiwa ni huo ukuta na pande tatu zilizobaki zikiwa ni wavu. Swali ni moja tu: utoke mita ngapi kutoka ukutani kabla ya kukata kona?

Ukiwauliza watu kumi, wengi watakujibu kwa haraka: gawa kwa tatu. Mita 10 kutoka, mita 10 kwenda sambamba na ukuta, mita 10 kurudi. Unapata mraba, na tangu shuleni tumeambiwa mraba ndio wenye eneo kubwa. Eneo lake ni mita 100 za mraba. Lakini wavu uleule, ukutani hapohapo, unaweza kuzungusha mita 112.5 za mraba bila kununua hata sentimita moja zaidi. Ukiamua kila kuku apate mita 4 za mraba, hiyo ni tofauti ya kuku 25 na kuku 28.

Mraba haukudanganyi pale ambapo unazungushia pande zote nne. Roli hiyohiyo katikati ya shamba, pasipo ukuta, itatoa uwanja wa mita 7.5 kwa 7.5, yaani mita 56.25 za mraba, na hakuna mstatili utakaoushinda. Ukuta unapoingia, hesabu inabadilika, kwa sababu upande mmoja sasa unaupata bure. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana kila moja inategemea namba iliyopatikana kabla yake.

Hatua ya 1: Pima wavu unaozungusha kweli, si ulioandikwa kwenye lebo

Tandaza roli kwenye ardhi iliyo sawa, weka mawe ncha zote mbili, upime kwa futi ndefu. Usiuvute kwa nguvu ili upate urefu wa ziada. Wavu wenye matundu ya pembe sita ukivutwa sana kwa urefu hupungua kimo, na uwanja utakuwa na ua unaopanda na kushuka.

Kisha toa kile kitakacholiwa na kufunga. Kila mahali ambapo wavu unaishia, unahitaji kipande cha kuzungushia nguzo na kukipigilia. Sentimita 25 zinatosha. Kona hazili kitu, kwa sababu wavu unapita tu nje ya nguzo na kuendelea. Ua wenye mlango mmoja una ncha nne: mbili ukutani na mbili kwenye nguzo za mlango. Hiyo ni mita 1 nzima inayopotea.

Halafu ongeza upana wa mlango. Mlango ni sehemu ya ua usiyoifunika kwa wavu, kwa hiyo unakuongezea mzingo, ila kwa sharti kwamba umetengenezwa kwa mbao au bati. Ukiutengeneza kwa kukata kipande kutoka roli ileile, haujaongeza chochote. Katika mfano wetu mlango ni wa mbao, upana wake mita 1. Basi: 30 kutoa 1 ya kufungia, kuongeza 1 ya mlango, tunabaki na 30. Imetokea tu kwamba vimefutana. Kwako huenda ikawa 29.4 au 30.3, na hiyo ndiyo namba utakayotumia kuanzia hapa na kuendelea. Tuiite M.

Pima na ukuta pia. Utauhitaji katika hatua ya 3, na watu husahau mpaka siku ya kuchimba mashimo.

Hatua ya 2: Nusu iende mbele, nusu igawanywe mbavuni

Tupe majina ili tusichanganyane. Upande unaokwenda sambamba na ukuta tuuite mbele. Pande mbili zinazotoka ukutani tuziite mbavu. Kanuni ni fupi: nusu ya M iwe mbele, nusu nyingine zigawane mbavu mbili. Kwa M ya mita 30, mbele ni mita 15, kila ubavu ni mita 7.5, na eneo ni 15 × 7.5 = mita 112.5 za mraba.

Kabla ya kuamini, jaribu vipimo vingine uone namba zinavyopanda na kushuka. Ukichagua ubavu, mbele hujichagua yenyewe, kwani ni kile kinachobaki baada ya kutoa mbavu mbili:

| Kila ubavu (m) | Mbele (m) | Eneo (m²) |
|---|---|---|
| 4 | 22 | 88 |
| 5 | 20 | 100 |
| 6 | 18 | 108 |
| 7 | 16 | 112 |
| 7.5 | 15 | 112.5 |
| 8 | 14 | 112 |
| 9 | 12 | 108 |
| 10 | 10 | 100 |
| 11 | 8 | 88 |

Angalia mraba wa mita 10 ulivyo sawa kabisa na uwanja wa mita 5 kwa 20. Jedwali lote limekaa hivyo, pande mbili za 7.5 zikilingana, jambo linaloonyesha kwamba kilele kiko pale katikati hasa, wala si kwenye desimali fulani iliyojificha kati ya safu mbili.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu nzito. Chukua namba mbili ambazo jumla yake haibadiliki, tuseme 30. Ukizizidisha, zao kubwa kuliko yote hupatikana zikiwa sawa: 15 × 15 ni 225. Ukihamisha kiasi chochote h kutoka moja kwenda nyingine, zinakuwa 15 + h na 15 − h, na zao lake ni 225 − h². Ule mraba wa h hauwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo kuhama upande wowote ni kupoteza tu.

Sasa kwenye ua wetu namba mbili zenye jumla ya 30 ni zipi? Si ubavu mmoja na mbele, bali ni mbavu zote mbili kwa pamoja na mbele. Zidisha hizo mbili, utapata eneo mara mbili, kwa sababu ubavu umeuhesabu mara mbili. Eneo mara mbili likiwa kubwa kuliko yote, eneo lenyewe pia ni kubwa kuliko yote. Kwa hiyo jumla ya mbavu lazima ilingane na mbele: 15 kwa 15. Hapo ndipo mraba unapoangukia: mita moja ya kwenda mbali na ukuta unailipia wavu mara mbili, ya kwenda na ya kurudi, wakati mita moja ya kwenda sambamba na ukuta unailipia mara moja tu. Kitu cha bei ya mara mbili huwezi kukinunua kwa kipimo sawa na cha bei moja.

Kutokana na hoja hiyo unapata mambo mawili ya kubeba mfukoni. Kwanza, eneo kubwa linalowezekana ni M × M ÷ 8. Kwa 30 ni 900 ÷ 8, yaani 112.5. Roli ikitoka na mita 28 tu, ni 784 ÷ 8, yaani 98. Pili, hasara ya kukosea: ukisogeza urefu wa mbele kwa h kutoka pale panapostahili, unapoteza nusu ya h². Mbele ikiwa 16 badala ya 15, hasara ni nusu mita ya mraba. Ikiwa 10, h ni 5, hasara ni 12.5. Linganisha na jedwali.

(Mwanafunzi wa sekondari aliyefika kwenye kanuni za badiliko atauita ubavu u, aandike eneo kuwa 30u − 2u², atafute pale mteremko wake, 30 − 4u, unapokuwa sifuri, na atapata u = 7.5. Ni njia sahihi, ila haikuambii mara moja hasara ni kiasi gani ukikosea, na shambani hilo ndilo swali la kila saa.)

Hatua ya 3: Ukuta unatosha?

Kanuni ya nusu inadai ukuta usiopungua nusu ya M. Kwetu ni mita 15. Ukiwa na ukuta wa mita 20 au 40, haina tofauti, unatumia 15 na kuacha uliobaki. Ukuta ukipungukiwa, kuna hali mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiijua kanuni.

Hali ya kwanza ni ukuta ulio kati ya theluthi na nusu ya M. Kwa roli yetu ni ukuta wa mita 10 hadi 15. Hapo tumia ukuta wote, usiache hata kipande. Ukuta wa mita 12, mbele ni 12, mbavu ni 9 kila moja, eneo ni 108. Umepungukiwa na mita 4.5 za mraba tu kutoka kwenye kilele, na hakuna ujanja wa mstatili utakaozirudisha.

Hali ya pili ni ukuta ulio mfupi kuliko theluthi ya M. Chukua ukuta wa mita 5. Ukijibana ndani ya ukuta huo, mbele ni 5, mbavu ni 12.5, na eneo ni 62.5. Ni uwanja mwembamba kama uchochoro. Lakini hakuna aliyesema uwanja lazima uishie mwisho wa ukuta. Uruhusu upite, na kipande cha nyuma kinachobaki wazi ukizibe kwa wavu. Hapo kila mita inayoongezwa nje ya ukuta inalipiwa pia mara mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo mraba unarudi kuwa bora. Ubavu wa mraba huo ni M kuongeza urefu wa ukuta, kisha ugawe kwa nne: (30 + 5) ÷ 4 = 8.75. Wavu unatumika hivi: pande tatu za 8.75 ni 26.25, na nyuma mita 3.75, jumla 30. Eneo ni takriban 76.6. Umeongeza mita 14 za mraba.

Ukuta wa mita 8 nao uko chini ya theluthi. Ukijibana unapata 8 × 11 = 88; ukipitiliza unapata mraba wa 9.5, yaani 90.25. Hesabu inasema pitiliza. Mimi ningejibana. Mita mbili na robo za mraba hazilipi nguzo ya ziada ya kona, na kiungio cha wavu na mwisho wa ukuta ndipo nguchiro na vicheche hupenda kupenya.

Je, una kona ya kuta mbili zinazokutana? Hapo ni pande mbili tu za wavu, kila moja inalipiwa mara moja, na nusu kwa nusu ni 15 kwa 15: mita 225 za mraba kwa roli moja. Ukiwa na nafasi hiyo, acha ukuta mmoja ukahamie konani.

Hatua ya 4: Ikiwa pande hazigharimu sawa, gawa pesa badala ya mita

Mara nyingi mbele ndiyo inayoonekana kutoka njiani, na mtu anataka kuweka mbao au bati huko, mbavuni aweke wavu wa kawaida. Sasa kilicho na mpaka si mita tena, ni shilingi. Kanuni inabaki ileile kwa hoja ileile: namba mbili zenye jumla moja, yaani pesa ya mbele na pesa ya mbavu. Eneo linakuwa kubwa kuliko yote zinapolingana.

Tuseme una shilingi 240,000. Mita moja ya mbele, pamoja na nguzo, inakugharimu 12,000, na mita moja ya ubavuni 6,000. Nusu ya pesa, 120,000, inanunua mita 10 za mbele. Nusu nyingine inanunua mita 20 za mbavu, 10 kila upande. Eneo ni mita 100 za mraba, na safari hii mraba ndio umeshinda! Si kwa bahati: mita ya kwenda mbali na ukuta inalipiwa mara mbili kwa 6,000, na mita ya sambamba na ukuta inalipiwa mara moja kwa 12,000, kwa hiyo bei zimekuwa sawa. Jaribu mbele ya mita 12: inakula 144,000, zinabaki 96,000 za mita 16 za mbavu, eneo 12 × 8 = 96. Jaribu mbele ya 8, utapata pia 96.

Kanuni hiyohiyo inatatua uwanja wenye kizigeu. Wafugaji wengi hugawa uwanja sehemu mbili ili upande mmoja upumzike na majani yaote huku kuku wakiwa upande wa pili. Ukiweka wavu wa katikati unaotoka ukutani hadi mbele, sasa una mbavu tatu. Nusu ya wavu iende mbele: mita 15 zilezile. Nusu nyingine igawanywe kwa tatu: mita 5 kila mmoja. Eneo lote ni 75, vyumba viwili vya 37.5. (Nimeacha mlango wa ndani nje ya hesabu, uongeze kama ulivyofanya katika hatua ya 1.) Mtu anayechukua uwanja wa 7.5 kwa 15 uliokwisha kupimwa, kisha anakumbuka kizigeu baadaye, atajikuta dukani akitafuta mita 7.5 nyingine. Amua habari ya kizigeu kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Hatua ya 5: Lainisha vipimo viendane na nguzo na eneo lenyewe

Ile hasara ya nusu ya h² ni ndogo sana karibu na kilele, na hii ndiyo rehema ya hesabu hii. Ukikutana na mwamba, mzizi wa mwembe au bomba la maji pale kona inapotakiwa kuwa, sogeza. Mbele ikiongezeka au kupungua kwa mita 1, unapoteza nusu mita ya mraba kati ya 112. Kwa mita 2, unapoteza mita 2. Hakuna sababu ya kung'oa mti kwa ajili ya hilo. Ukianza kusogea mita 5, hasara ni 12.5, na hapo ni bora ufikirie mahali pengine ukutani.

Nguzo nazo zina sauti yao. Kwa wavu wa kuku, nafasi ya mita 2.5 kati ya nguzo na nguzo inashika vizuri. Mita 7.5 ni nafasi tatu kamili na mita 15 ni nafasi sita, kwa hiyo vipimo vyetu vinakaa bila kubaki kipande cha ajabu: nafasi 12 kwa jumla, nguzo 13 ukihesabu na zile mbili zinazogusa ukuta, pamoja na moja ya ziada ya kushika upande wa pili wa mlango. Jumla ni mirunda 14. Kama mirunda yako ni dhaifu na unataka nafasi ya mita 2, chagua uwanja wa 8 kwa 14 au wa 6 kwa 18. Wa kwanza unakupa 112, wa pili 108. Chagua wa kwanza.

Hatua ya 6: Hamishia vipimo ardhini

Weka alama mbili kwenye ukuta zilizoachana mita 15, kwa chaki, chini karibu na ardhi. Kutoka kila alama, toka mita 7.5 kwa pembe ya mraba. Usikadirie kwa macho. Kutoka alama ya kwanza, pima mita 8 kufuata ukuta na uweke alama ndogo. Vuta kamba kutoka alama ya kwanza kuelekea nje, weka kigingi kwenye mita 6. Sasa pima kutoka kigingi hicho hadi ile alama ndogo ukutani: ikisoma mita 10 kamili, pembe imenyooka. Ikisoma zaidi au pungufu, sogeza kigingi, halafu endeleza kamba hadi 7.5. Mafundi wengi hutumia 3, 4 na 5. Hii ni ileile iliyozidishwa mara mbili, na kwa urefu wa mita nyingi kipimo kikubwa kinapunguza makosa.

Fanya hivyo na upande wa pili, kisha hakiki kwa kupima mishazari, yaani kutoka alama ya ukutani kushoto hadi kona ya nje kulia, na kinyume chake. Yote miwili inapaswa kusoma karibu mita 16.77. Muhimu zaidi ni ilingane. Mmoja ukiwa mrefu, uwanja wako umelala upande kama kiberiti kilichokanyagwa. Kwa eneo peke yake si msiba mkubwa: mbavu zote mbili zikilala hata kona zikahama mita 1.3 pembeni, unapoteza chini ya mita 2 za mraba. Shida iko kwenye kazi: wavu hautakaa sawa kwenye kona, na lango litagoma kufunga.

Pima pia mbele, kona hadi kona. Ikitoka 15.2 badala ya 15, rudi kwenye pembe kabla ya kulaumu futi. Na ukuta ukiwa na kombo, pima kutoka kwenye uzi ulionyooshwa mbele yake, si kutoka kwenye tofali lenyewe.

Hatua ya 7: Chimba, simamisha, funga

Mashimo ya kina cha sentimita 60 yanatosha kwa mirunda ya mita 2.4, ikabaki mita 1.8 juu. Pakaa oili chafu sehemu itakayozama na kidogo juu ya ardhi, uache ikauke. Mchwa huanzia pale udongo unapokutana na hewa. Kona mbili za nje ndizo zinazovutwa na wavu wote, kwa hiyo zipe mirunda minene na mhimili wa kuegemea kwa ndani. Nguzo mbili za ukutani zisimame zikigusa ukuta, na pengo lolote linalobaki kati ya nguzo na tofali lizibwe kwa udongo wa saruji, kwani kifaranga hupita mahali ambapo kidole gumba chako kinapita.

Anza kufunga wavu ukutani upande mmoja, siyo konani. Kunja zile sentimita 25, pigilia kwa misumari ya umbo la U, kisha tembea nao nguzo hadi nguzo ukinyoosha kwa mkono tu. Ukifika mlangoni, kata, kunja, funga, na uanze tena upande wa pili wa mlango. Mlango uweke ubavuni karibu na ukuta au katikati ya mbele, popote unapopendelea. Kwa eneo hakuna tofauti yoyote. Ukifika ukutani mwisho wa safari na kubaki na zaidi ya nusu mita ya wavu, kuna kipimo kilichokosewa mahali, na mara nyingi ni mlango uliosahauliwa kuongezwa kwenye hesabu.

Ukianzia kwenye idadi ya kuku

Wengine hawana roli bado. Wana kuku 50 na wanataka kujua wanunue mita ngapi. Igeuze hesabu. Kuku 50 kwa mita 4 za mraba ni 200. Gawa kwa mbili, upate 100, kisha tafuta kipeuo cha pili chake: 10. Huo ndio ubavu. Mbele ni mara mbili yake, 20. Ua wote ni mita 40, na hakuna mstatili mwingine wa ukutani wenye eneo la 200 utakaohitaji wavu mchache kuliko huo. Kumbuka kuongeza mita ya kufungia na kutoa upana wa mlango kabla ya kwenda dukani.

Na kama wewe na jirani mnashiriki ukuta mrefu na kila mmoja ana roli yake ya mita 30, fikirini mara mbili kabla ya kila mtu kujenga kivyake. Viwanja viwili vinavyojitegemea vinatoa mara mbili ya 112.5, yaani 225. Roli mbili zikiungwa kuwa ua mmoja wa mita 60, mbavu za 15 na mbele ya 30, zinatoa 450. Hata mkitenga katikati kwa kizigeu, nusu ya wavu inaenda mbele, mita 30, na mbavu tatu za mita 10, jumla 300. Kila mmoja anabaki na 150 badala ya 112.5. Sharti ni ukuta wa mita 30, na kukubaliana mapema nani atarudishiwa wavu wake siku mtakapoachana.